Alama Tatu kati ya Tano: Ushahidi Uko Slaidi ya Ngapi?

Chini ya kazi nyingi za wanafunzi wa vyuo utakuta maneno ya namna hii: "Kazi nzuri, ila ongezeni vyanzo na mrekebishe mpangilio. 14/20." Wanafunzi wanasoma namba, wanafunga faili, basi. Hawajui zile alama sita zimepotelea wapi. Na ukimkuta aliyesahihisha wiki mbili baadaye ukamwuliza, mara nyingi naye hajui tena. Alikuwa na hisia kwamba kazi ni ya kumi na nne, akaandika kumi na nne, kisha akatafuta maneno ya kuisindikiza.

Mawasilisho ya slaidi ndiyo yanayoponzwa zaidi na usahihishaji wa aina hii. Insha lazima uisome ndipo uihukumu. Slaidi unazitazama tu, na kabla hujasoma hata mstari mmoja jicho limekwisha kukuambia kwamba hawa ni vijana makini au hawa wamelipua. Rangi zimepangika, picha zinang'aa, nembo ya chuo iko mahali pake, na tayari mkono unaelekea kwenye alama za juu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike aliandika juu ya maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima walio chini yao sifa moja moja: umbo, akili, uongozi, tabia. Alama zao zilifuatana kuliko inavyowezekana kwa binadamu wa kawaida. Aliyependeza kwa umbo alionekana pia ana akili na ni kiongozi. Maofisa hawakuwa wanadanganya. Sifa moja ilikuwa inamwagia nyingine mwanga wake.

Rubriki ilibuniwa kuzuia jambo hilo. Ni jedwali linalogawa kazi katika vigezo, na kwa kila kigezo linaeleza kwa maneno kazi ya kila ngazi inafananaje. Walimu wa Kenya wameizoea kwenye mtaala wa umilisi, ambako mwanafunzi anaweza kuzidisha matarajio, kuyafikia, kuyakaribia au kuwa mbali nayo. Vyuoni kwa kawaida ngazi hizo huandikwa kwa namba. Lakini jedwali peke yake halimzuii mtu kusahihisha kwa hisia. Anaweza kuiona kazi ni ya kumi na nne, kisha akazigawa zile kumi na nne kwenye visanduku mpaka jumla ikubali. Kinachomzuia ni sharti moja dogo lenye usumbufu: andika ushahidi kwanza, pamoja na namba ya slaidi, halafu ndipo uandike alama.

Tulitazame sharti hilo likifanya kazi. Mfano huu ni wa kutunga, lakini aliyewahi kusahihisha mawasilisho ya mwaka wa pili atazitambua kasoro zote zilizomo. Kikundi cha wanafunzi wa stashahada ya kilimo kimewasilisha slaidi 12 kuhusu upotevu wa nyanya sokoni. Rubriki ina vigezo vinne, kila kimoja alama 5: swali na malengo, ushahidi na vyanzo, hitimisho na mapendekezo, kisha mpangilio na usomekaji. Kila kigezo kina maelezo ya ngazi ya 5, ya 3 na ya 1. Alama ya 4 hutolewa kazi inapotimiza yote ya ngazi ya 3 na baadhi ya yale ya 5; alama ya 2 ni ya kazi iliyokwama kati ya 1 na 3.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Slaidi ya 1 ni jina, ya 2 utangulizi, ya 3 tatizo, ya 4 malengo matatu: kujua kiasi cha nyanya zinazoharibika, kujua sababu zake, na kupendekeza njia za kupunguza. Slaidi ya 5 inaeleza kwamba waliwahoji wafanyabiashara 24 na kupima matenga 6 yaliyoshushwa sokoni siku moja. Ya 6 ni grafu ya nguzo ya sababu walizotajiwa, ya 7 jedwali la vipimo vya matenga. Ya 8 ina kichwa kikubwa: "Nusu ya nyanya hupotea". Ya 9 ni picha za lori, ya 10 mapendekezo, ya 11 vyanzo, ya 12 "Asanteni kwa kusikiliza".

Kigezo cha kwanza hakina mvutano. Malengo yako slaidi ya 4 na yote yanapata jibu: la kwanza kwenye slaidi ya 7, la pili kwenye ya 6, la tatu kwenye ya 10. Soko na siku ya upimaji vimetajwa slaidi ya 5. Kinachoizuia kazi kufika 5 ni slaidi ya 3, inayosema wafanyabiashara wanapata "hasara kubwa" bila kusema hasara hiyo inapimwa kwa kilo, kwa shilingi au kwa matenga, wakati rubriki inadai swali liwe na kipimo. Alama 4, na tunaendelea.

Kigezo cha pili ndicho kinachostahili muda. Maelezo ya ngazi ya 5 yanasema: kila dai lina data au chanzo kinachoweza kufuatiliwa, takwimu ni sahihi, grafu hazipotoshi. Ya ngazi ya 3: madai makuu yana data au chanzo, lakini baadhi hayana, au kuna grafu yenye kasoro inayobadilisha maana. Ya ngazi ya 1: madai mengi hayana data wala chanzo.

Anza na slaidi ya 7, kwa kuwa ndiyo moyo wa kazi hii. Jedwali linaonyesha matenga sita yenye kilo 40, 42, 38, 41, 39 na 40, na kwa mpangilio huohuo kilo zilizoharibika 6, 5, 9, 4, 8 na 4. Chini yake wameandika kwamba asilimia 15 ya nyanya ziliharibika. Msahihishaji mvivu ataandika "takwimu nzuri". Mwenye kalamu atajumlisha: kilo 240 ziliingia, kilo 36 ziliharibika, na 36 katika 240 ni asilimia 15 kamili. Sasa ana haki ya kuandika kwamba takwimu ni sahihi, maana amezihakiki. Hesabu hiyo haichukui hata dakika mbili, na mimi naona ndiyo inayomtenganisha msahihishaji na mtazamaji.

Halafu slaidi ya 6. Nguzo nne: mrusho wa safari umetajwa na watu 15, matenga ya lumbesa 12, kuchumwa zikiwa zimeiva mno 7, jua la mchana 5. Jumla ni 39 wakati waliohojiwa ni 24. Hilo si kosa lenyewe, kwa sababu huenda kila mtu aliruhusiwa kutaja sababu zaidi ya moja, ila slaidi haisemi. Kasoro kubwa iko kwenye mhimili wa wima: hauanzi sifuri, unaanza 4. Kwa hiyo nguzo ya mrusho wa safari ina urefu wa hatua 11 na ya jua ina hatua moja. Kwa macho, mrusho unalizidi jua mara kumi na moja. Kwa namba, ni mara tatu tu. Hapa neno "inapotosha" halibaki kuwa maoni ya mwalimu. Namba zimeandikwa kwenye slaidi na yeyote anaweza kuzipima upya.

Slaidi ya 8 inadai kwamba karibu nusu ya nyanya hupotea kabla ya kumfikia mlaji, na pembeni imeandikwa "FAO". Slaidi ya 11, ya vyanzo, ina mistari minne: "Google", "www.fao.org", kitabu kimoja kisicho na mwaka, na "mahojiano". Msahihishaji anayeijua fani atakumbuka namba hiyo ilikotoka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwenye ripoti yake ya 2011 kwamba duniani mazao ya mizizi, matunda na mboga hupotea au kutupwa kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 50. Basi wanafunzi hawakuitunga. Lakini alama inatolewa kwa kilichomo kwenye slaidi, wala si kwa anachokijua msahihishaji. Anwani ya mlango wa mbele wa tovuti kubwa haimfikishi msomaji kwenye namba yoyote.

Sasa pima. Madai mawili makuu ya kazi, kiasi na sababu, yana data yao wenyewe, na hilo linaiweka kazi juu ya 1 na juu ya 2. Ngazi ya 3 inaruhusu dai lisilo na chanzo au grafu yenye kasoro. Hapa vyote viwili vipo, slaidi ya 8 na ya 6. Kupanda hadi 4 haiwezekani hata kama slaidi ya 7 inapendeza. Alama 3. Na maelezo yanayoambatana nayo yanaweza kuandikwa hivi:

"Slaidi ya 7: jumla na asilimia ni sahihi (kilo 36 katika 240). Slaidi ya 6: mhimili unaanza 4, tofauti ya mara tatu inaonekana mara kumi na moja, elezeni pia kwa nini majibu ni 39 na watu ni 24. Slaidi ya 8 na 11: dai la nusu halifuatiliki, hakuna jina la ripoti wala mwaka. Madai makuu yana data, mengine hayana: ngazi ya 3."

Ni sentensi chache tu. Mwanafunzi akizisoma anajua afungue slaidi gani na aguse nini.

Kuna jambo moja kuhusu slaidi ya 7 ambalo sikulihesabu, na nina sababu. Jedwali linasema "zilizoharibika" bila kueleza maana yake. Aliyewahi kusimama sokoni anajua kwamba nyanya iliyopondeka haitupwi yote; nyingi huuzwa kwa bei ya chini, ndizo zile zinazoitwa masalo. Kilo 36 zikitupwa ni hasara ya aina moja, zikiuzwa kama masalo ni hasara nyingine kabisa. Ni swali zuri sana la kuwauliza wanafunzi wa kilimo, ila rubriki yetu haidai popote kwamba istilahi zifafanuliwe. Kwa hiyo linaandikwa kama ushauri na halikati alama. Msahihishaji anayekata alama kwa jambo lisilo kwenye rubriki, hata liwe la maana kiasi gani, amewabadilishia wanafunzi mtihani baada ya kuufanya.

Kigezo cha tatu ni hitimisho, na hapa kuna mtego. Ngazi ya 5 inadai kila pendekezo litokane na matokeo yaliyoonyeshwa, na mipaka ya data itajwe na kuzingatiwa. Ngazi ya 3: mapendekezo mengi yanatokana na matokeo na mipaka imetajwa. Ngazi ya 1: mapendekezo hayahusiani na matokeo. Slaidi ya 10 ina mapendekezo mawili. La kwanza, wasafirishaji watumie kreti za plastiki badala ya matenga, lina mguu wa kusimamia, kwa sababu slaidi ya 6 inaonyesha mrusho na lumbesa ndizo zilizotajwa zaidi, na kreti ngumu haijazwi ikafura. La pili, serikali ijenge vyumba baridi sokoni, halina. Kwenye grafu yao wenyewe jua limetajwa na watu 5 kati ya 24, na ndiyo sababu ya mwisho. Pendekezo hilo limeingia kwa mazoea: kwenye mawasilisho ya kilimo serikali lazima iombwe kujenga kitu.

Mipaka je? Matenga sita, siku moja, soko moja. Msimu wa mvua, barabara ikiharibika, hali inaweza kuwa tofauti kabisa. Hakuna neno juu ya hilo. Hapa msahihishaji anakutana na ugumu wa kuthibitisha kitu kisichokuwepo, kwa kuwa huwezi kutaja namba ya slaidi ambayo haipo. Njia ya haki ni kuandika ulikotafuta: "Nimepitia slaidi ya 5 hadi ya 10, sikuona maelezo ya mipaka ya matenga sita na siku moja." Ukisema tu "hamkutaja mipaka", mwanafunzi anabaki akijiuliza kama ulisoma kweli.

Mtego wenyewe ni slaidi ya 8, ambayo tumekwisha kuikata kwenye ushahidi. Ina kosa jingine ndani yake. Kichwa kinasema nusu ya nyanya hupotea, ilhali slaidi iliyotangulia, kwa vipimo vyao wenyewe, inasema asilimia 15. Namba hizo mbili zinaweza kupatana: moja ni makadirio ya dunia nzima, kuanzia shambani hadi mezani, kwa matunda, mboga na mizizi kwa pamoja, nyingine ni ya nyanya zilizoshushwa soko moja siku moja. Lakini wao hawakuzipatanisha. Waliiacha namba kubwa ichukue kichwa na yao ikabaki kwenye jedwali. Je, kulitaja hilo kwenye hitimisho ni kuwaadhibu mara mbili? Kipimo ninachokitumia ni kujiuliza kama kasoro moja ikirekebishwa nyingine inaondoka. Wakiweka jina la ripoti na mwaka, chanzo kitakuwa kimepona, lakini mgongano wa nusu na asilimia 15 utabaki palepale. Basi ni kasoro mbili, na kila moja ina kigezo chake. Ingekuwa moja ikirekebishwa zote zinaisha, ningeikata mahali pamoja tu.

Kichwa cha slaidi kinachosema jambo moja wakati data inasema jingine si kosa la wanafunzi peke yao. Mwanzoni mwa 2003, chombo cha anga cha Marekani Columbia kikiwa angani, wahandisi walitoa slaidi za kutathmini pigo la kipande cha povu kilichogonga bawa wakati wa kuruka. Kichwa cha slaidi moja kilitoa picha kwamba majaribio yaliyokuwepo yanaonyesha kuna nafasi ya usalama. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na kipimo: kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, na kile cha majaribio kilikuwa na 3. Columbia iliangamia Februari 1 na wanaanga wote saba, na bodi iliyochunguza ajali hiyo ilichapisha slaidi hiyo kwenye ripoti yake ya Agosti 2003, ikaonyesha jinsi msomaji mkubwa angeweza kuipitia bila kuona hatari. Edward Tufte, mtaalamu wa michoro ya takwimu, ndiye aliyeichambua mstari kwa mstari. Ndiyo maana kwenye kusahihisha nakushauri usome kichwa cha kila slaidi, kisha ujiulize kama kilichoko chini yake kinakikubali.

Kwa hitimisho, basi: pendekezo moja kati ya mawili lina msingi, na nusu haiwezi kuitwa "mengi", mipaka haikutajwa, slaidi ya 7 na ya 8 zinagongana. Kazi haijafika 3, lakini pendekezo la kreti linaizuia kushuka hadi 1. Alama 2.

Mpangilio na usomekaji ni rahisi zaidi, na kwa bahati mbaya ndipo wasahihishaji wengi huandika maelezo marefu kuliko yote. Mfuatano kutoka tatizo hadi mapendekezo unaeleweka. Slaidi ya 2 ina mistari tisa ya maandishi madogo. Majina ya nguzo kwenye slaidi ya 6 ni ya njano juu ya karatasi nyeupe, ukumbini hayatasomeka. Picha za slaidi ya 9 hazina maelezo, mtu hajui ni lori lao au ni la mtandaoni. Rubriki inasema mfuatano ukieleweka huku baadhi ya slaidi zikiwa zimejaa au hazisomeki, ni 3. Tazama kwamba slaidi ya 6 imerudi tena, safari hii kwa rangi. Mhimili ulikwisha kulipiwa.

Jumla 12 kati ya 20. Kwa hisia ningeweza kutoa 14, maana kazi ina vipimo halisi na vijana walikwenda sokoni kweli. Alama mbili hizo zingekuwa za kuwapenda.

Kabla ya kuifunga kazi kuna sehemu moja ambayo wengi huisahau. Programu za slaidi huruhusu mwandishi kuweka maandishi ya msemaji chini ya kila slaidi, yasiyoonekana ukutani. Tuseme chini ya slaidi ya 8 wanafunzi wameandika: "Eleza kwamba hii ni takwimu ya dunia nzima, yetu ni ndogo kwa sababu tumepima sokoni tu." Lo! Mgongano ule wameuona na wamejua kuueleza. Unahesabu? Jibu linategemea kilichosemwa kabla. Ikiwa maelekezo ya kazi yanasema faili yote itasahihishwa, pamoja na maandishi ya msemaji, huo ni ushahidi kamili na utauandika "slaidi ya 8, maandishi ya msemaji". Mgongano ukifutika, bado mipaka haijatajwa ipasavyo na pendekezo la pili bado linaning'inia, lakini msahihishaji ana haki ya kurudi kwenye jedwali na kupima upya. Ikiwa maelekezo yanasema slaidi tu, hauhesabu, kwa kikundi hiki na kwa vyote. Kisichokubalika ni kuyafungua maandishi ya kikundi kimoja na kuacha ya kingine. Angalizo la kiufundi: kazi ikiletwa kwa PDF, mara nyingi maandishi hayo hayaji nayo, kwa hiyo amua mapema unapokea faili ya aina gani.

Vilevile slaidi haziwezi kukuambia kama msemaji aliangalia hadhira, alijibu maswali au alisoma ukuta mwanzo hadi mwisho. Rubriki yenye kigezo cha uzungumzaji isijazwe kwa kutazama faili. Kisanduku hicho kiache wazi mpaka siku ya kuwasilisha, wala usikiandikie sifuri, maana sifuri ni hukumu na wewe hujasikia lolote.

Wakiwa na vikundi ishirini, wengi husahihisha kikundi cha kwanza chote, kisha cha pili, hadi mwisho. Ni bora kwenda kwa kigezo: ushahidi wa vikundi vyote ishirini, halafu hitimisho la vyote. Unachosha vidole kwa kufungua na kufunga faili, lakini maelezo ya ngazi ya 3 yanabaki kichwani bila kuhama, na uzuri wa rangi za kikundi fulani haupati muda wa kukuzoeza.

Na pale inapowezekana, mtu wa pili asahihishe sampuli. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walipeleka nakala za karatasi zilezile za mtihani wa Kiingereza kwa walimu wa sekondari nyingi za Marekani. Karatasi moja ilirudi na alama za chini kama 64 na za juu kama 98, katika mia. Wasahihishaji wawili wakitofautiana leo, kwa kawaida hugawana tofauti: mmoja 4, mwingine 2, haya tuandike 3. Hiyo ni biashara ya mnadani. Wafungue maelezo yao na walinganishe namba za slaidi. Kwenye mfano wetu huenda wa kwanza aliiona slaidi ya 7 tu, na wa pili aliona mhimili wa slaidi ya 6 akasahau kujumlisha jedwali. Wakiweka ushahidi pamoja, alama inajitokeza yenyewe. Na ikitokea wameona slaidi zilezile lakini bado wanatofautiana, tatizo liko kwenye rubriki: neno kama "vyanzo vya kutosha" kila mmoja analisoma kivyake, na lazima litafsiriwe kwa maandishi kabla ya kazi inayofuata kuguswa.

Matokeo yakitoka, kiongozi wa kikundi anakuja ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Mwalimu, tumekuja kuhusu hitimisho. Umesema hatukutaja mipaka, lakini slaidi ya 5 tumeandika kabisa kwamba tulipima siku moja."

Ni hoja halali, na imekuja na namba ya slaidi. Mwalimu anaifungua slaidi ya 5 mbele yake. Ni kweli, siku imetajwa, kama sehemu ya mbinu. Anasoma rubriki kwa sauti: mipaka itajwe kama mipaka. Kisha anamwuliza kijana aonyeshe ni wapi, kuanzia slaidi ya 6 hadi ya 10, siku hiyo moja ilibadilisha walichohitimisha. Kijana anashuka slaidi moja moja, anafika ya 10, anatulia kidogo.

"Hapa hatukusema kitu, mwalimu. Lakini tungeandika tu kwamba vyumba baridi vinahitaji kupimwa kwanza kipindi cha joto, si ingetosha?"

Ingetosha, kwa pendekezo la pili na kwa mipaka kwa pamoja. Alama inabaki 2, na mwalimu anaongeza mstari kwenye maelezo: "Slaidi ya 5 inataja siku ya upimaji, haikuzingatiwa slaidi ya 10."